Mishale ya saa: kupata dakika inapokutana au kufanya pembe mraba

Swali: kati ya 4:00 na 5:00, mishale ya saa inakutana lini, na inafanya nyuzi 90 lini? Namba hizi ni zile zinazosomeka kwenye uso wa saa. 4:00 ni pale mshale mfupi unapoelekea namba 4, yaani saa kumi. Ukianza kukokotoa kwa 10, kila kitu kitaharibika.

Wengi hujibu haraka kwamba mishale hukutana 4:20, kwa kuwa mshale mrefu umefika kwenye 4. Izungushe saa ya ukutani polepole uone: ukifika 4:20, mshale mfupi haupo tena kwenye 4. Umeshasogea theluthi ya njia kuelekea 5.

Hatua ya kwanza ni kujua mwendo. Mshale mrefu humaliza nyuzi 360 kwa dakika 60, yaani nyuzi 6 kila dakika. Mfupi huenda nyuzi 30 kwa saa nzima, yaani nusu uzi kila dakika. Kwa hiyo kila dakika mrefu humkaribia mwenzake kwa nyuzi 5.5. Ukishika namba hiyo moja, huhitaji kukariri kanuni yoyote.

Hatua ya pili, tazama pengo la mwanzo. Saa 4:00 kamili, mfupi uko mbele kwa 4 × 30 = nyuzi 120.

Hatua ya tatu, jiulize mrefu unatakiwa ufidie nyuzi ngapi, kisha gawanya kwa 5.5. Ili ikutane, ufidie zote 120:

```
120 ÷ 5.5 = 240/11 = 21 9/11
```

Hiyo ni 4:21 na sekunde 49 hivi.

Nyuzi 90 zinapatikana mara mbili, na hapa ndipo jibu moja husahaulika. Mara ya kwanza mrefu bado uko nyuma, umefidia 30 tu: 30 ÷ 5.5 = dakika 5 5/11. Mara ya pili umeshapita na kutangulia kwa 90, kwa hiyo umefidia 120 + 90 = 210:

```
210 ÷ 5.5 = 420/11 = 38 2/11
```

Hakiki kila mara kwa kutafuta mahali pa kila mshale, ukipima kutoka 12. Kwenye dakika 38 2/11, mrefu uko nyuzi 229 1/11, na mfupi uko 120 + 19 1/11 = 139 1/11. Tofauti ni 90 kamili. Mimi hufurahi sana sehemu hizo za kumi na moja zinapofutana. Zisipofutana, kuna kosa la hesabu.

Jihadhari na saa inayoanzia 2:00. Pengo ni 60, kwa hiyo jibu la kwanza ni 150 ÷ 5.5 = dakika 27 3/11. La pili linataka mrefu utangulie kwa 270, yaani ubaki 90 kwa upande wa pili, na 330 ÷ 5.5 ni dakika 60 kamili: tayari ni 3:00, jibu ambalo pia ni la saa inayofuata. Vivyo hivyo kwa saa inayoanzia 8:00, ambayo jibu lake la pili ni 9:00. Ndiyo maana ndani ya saa 12 pembe mraba hutokea mara 22, si 24.