Kikumbusho cha kalenda kinachelewa? Anza kwa kuangalia kilifika vipi

Wengi wanaoniletea simu ya Android yenye tatizo hili huwa wameshaifuta Google Calendar na kuiweka upya, na bado vikumbusho vinachelewa. Kabla hujagusa chochote, jiulize: kikumbusho kilitokea wakati gani hasa?

Kama kilijitokeza mara tu ulipowasha kioo cha simu, shida iko kwenye ubanaji wa betri. Kama kilikuja baada ya kuwasha data, ni usawazishaji, yaani tukio lilikuwa bado halijafika kwenye simu. Kama kilifika kwa wakati lakini kimyakimya, ni mipangilio ya arifa. Na kama kililia usiku wa manane, fungua tukio lenyewe uangalie saa: mtu husema "saa mbili asubuhi", akaandika 2:00 AM badala ya 8:00 AM.

Nichukue mfano wa mteja wangu mmoja, mweka hazina wa kikoba, anayetumia Tecno. Ratiba huiandika usiku kwenye kompyuta, na simu inapaswa kumkumbusha asubuhi.

Hatua ya 1: Hakikisha tukio limefika kwenye simu

Washa hali ya ndegeni, kisha fungua kalenda. Tukio likionekana, limeshahifadhiwa ndani ya simu, na kikumbusho chake hakihitaji tena intaneti ili kilie. Lisipoonekana, simu haina habari nalo.

Zima hali ya ndegeni, washa data, kisha nenda Settings, uingie kwenye akaunti yako ya Google, ufungue Account sync na kuwasha Google Calendar. Halafu ndani ya kalenda yenyewe fungua Settings, gusa jina la kalenda husika, na uhakikishe Sync imewashwa. Watu wengi husahau hiyo ya pili. Kama unatumia Data Saver ili bando lisiishe haraka, iruhusu kalenda kutumia data bila kizuizi. Matumizi yake ni madogo sana.

Mweka hazina wetu alikuwa sawa hapa. Matukio yote yalionekana.

Hatua ya 2: Arifa

Fungua tukio na uone kama kikumbusho kimewekwa kuwa Notification au Email. Kikiwa Email, kitakwenda kwenye barua pepe na kalenda haitalia. Kisha, kwenye mipangilio ya kalenda, ingia General na uwashe Notify on this device. Kuanzia Android 13, programu huomba ruhusa ya kutuma arifa, na ni rahisi kubonyeza kukataa bila kusoma. Ruhusa hiyo utaikuta Settings, Apps, Calendar, Notifications. Angalia pia sauti ya arifa, kwa sababu kwenye simu nyingi ina kipimo chake, tofauti na mlio wa simu.

Hatua ya 3: Betri

Hapa ndipo penye kesi nyingi, na ndipo ya mweka hazina ilipokuwa. Tangu Android 6.0, simu iliyolala mezani bila chaji, kioo kikiwa kimezimwa, huingia katika usingizi uitwao Doze. Kazi za programu huahirishwa hadi simu iamke kidogo, na kadiri inavyolala ndivyo nafasi hizo za kuamka zinavyozidi kuachana. Juu ya hapo, watengenezaji wengi wa simu wameongeza ukali wao.

Nenda Settings, Apps, Calendar, Battery, uchague Unrestricted. Kwenye Tecno na Infinix, fungua pia Phone Master na uiruhusu kalenda kujiwasha yenyewe. Samsung, iondoe kwenye Sleeping apps na Deep sleeping apps. Xiaomi, washa Autostart.

Kisha ondoa zile programu za "kuongeza kasi" ya simu. Programu ikisimamishwa kwa nguvu, vikumbusho vyake vyote vilivyopangwa hufutika hadi uifungue tena. Mweka hazina alikuwa na programu ya namna hiyo, na kila usiku kabla ya kulala aliitumia kusafisha simu.

Hatua ya 4: Jaribu kwa haki

Usijaribu simu ikiwa kwenye chaji au mkononi, maana hapo Doze haianzi na kila kitu kitaonekana kimepona. Weka tukio la saa mbili zijazo, kikumbusho kiwe cha muda uleule wa tukio, chomoa chaja, laza simu mezani na usiiguse. Kwa mweka hazina, jaribio hili lilifaulu baada ya kuondoa ile programu ya kusafisha na kuweka Unrestricted.

Baadhi ya simu hurudisha vizuizi zikisasishwa mfumo, kwa hiyo rudia hatua ya 3 baada ya kila sasisho. Na kwa jambo lisilostahimili kuchelewa, kama dawa au safari ya alfajiri, weka pia kengele kwenye programu ya Clock: Android huiamsha simu kwa ajili ya kengele ya saa hata ikiwa ndani ya Doze.