Somo: kupata katizo la hezi 1000 kamili kutoka kristali ya megahezi 16

Kengele niliyoifunga katika shule moja ya msingi huku Temeke ilikuwa ikichelewa dakika 5 na sekunde 44 kila siku. Mwalimu wa zamu alikuwa akiirudisha kila asubuhi, na mimi nikaenda Kariakoo kununua kristali nyingine. Kristali haikuwa na kosa. Nilikuwa nimeandika 250 pale palipotakiwa 249. Nawaeleza hesabu yote ili kosa hili lisiwapotezee wiki kama lilivyonipotezea mimi.

Chipu ni ATmega328P, na ninatumia Taima 2. Nataka katizo, yaani programu iache inachofanya na kukimbilia kazi fupi, mara 1000 kwa sekunde.

Hatua ya 1: tafuta mapigo ya katizo moja. Gawa 16,000,000 kwa 1000, unapata 16,000. Taima 2 ina biti 8, haiwezi kuhesabu zaidi ya mapigo 256 kwa mzunguko. Kwa hiyo tunaipunguzia mapigo kwa kigawanyo: ukiweka 64, taima inasogea hatua moja kila mapigo 64 ya kristali.

Hatua ya 2: chagua kigawanyo. Taima 2 inakupa 1, 8, 32, 64, 128, 256 na 1024. Gawa 16,000 kwa kila kimoja. Kwa 32 unapata 500, haitoshei. Kwa 64 unapata 250, inatoshea na haina desimali. Kwa 128 ni 125, nayo ni sawa. Kwa 256 ni 62.5, na hapo usahihi umekwisha, kwa sababu rejista haipokei nusu. Kati ya 64 na 128 mimi huchukua kilicho kidogo: hatua za taima zinakuwa fupi, na siku ukitaka kubadili kasi kidogo una nafasi zaidi.

Hatua ya 3: toa moja. Taima inaanza kuhesabu na sifuri. Kutoka 0 hadi 249 ni hatua 250. Katika fomula hii fclk ni kasi ya kristali, N ni kigawanyo, na OCR ni namba unayoiandika kwenye rejista ya taima:

```
f = fclk / (N * (OCR + 1))
```

Ukiandika 250 unapata hatua 251, yaani hezi 996 na kidogo. Hizo ndizo dakika zilizopotea shuleni.

```c
TCCR2A = (1 << WGM21);
TCCR2B = (1 << CS22);   // 64
OCR2A  = 249;
TIMSK2 = (1 << OCIE2A);
sei();
```

Angalieni mstari wa pili. Kwenye Taima 1, 64 huandikwa `CS11` pamoja na `CS10`. Ukihamishia mpangilio huo wa biti kwenye Taima 2 unapata 32, na kila kitu kinakwenda mara mbili ya kasi.

Hatua ya 4: pima. Ndani ya katizo, geuza pini moja. Kila katizo linaigeuza mara moja, kwa hiyo mita yenye kipimo cha hezi isome 500. Ikisoma 498, umesahau kutoa moja. Kristali yenye kosa la sehemu 50 kwa milioni hupoteza kama sekunde 4 tu kwa siku. Ukiona saa yenye kristali inapoteza dakika, anza na hesabu.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Mbagala:* Mkuu, nimefuata yote, pini inasoma hezi 31 badala ya 500. Kristali ni ya 16.

*Jibu:* Gawa 500 kwa 31, unapata kama 16. Chipu yako ni mpya, sivyo? Zinatoka kiwandani zikitumia saa ya ndani ya megahezi 8, na fyuzi ya `CKDIV8`, yaani biti ya mpangilio ndani ya chipu, inaigawa kwa 8, inabaki megahezi 1. Kristali uliyoifunga haitumiki kabisa. Badilisha fyuzi, usiguse hesabu.

*Mwanachama wa Kigamboni:* Nikitaka hezi 60 kamili je? Kila kigawanyo kinaniletea desimali.

*Jibu:* Kitakuletea daima, dada. 16,000,000 imejengwa na 2 na 5 tupu, na 60 ina 3 ndani yake. Hamia Taima 1 yenye biti 16, weka kigawanyo 8: unahitaji hatua 33,333 na theluthi. Basi ndani ya katizo badilisha `OCR1A` kwa zamu: 33332, 33332, 33333. Makatizo matatu yanakuwa hatua 100,000, sawasawa na sekunde 0.05, kwa hiyo wastani ni hezi 60 kamili, ingawa kila la tatu linarefuka kwa nusu ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Andika thamani mpya mwanzoni mwa katizo. Ukichelewa hadi taima iwe imeshaipita, itaendelea mpaka 65,535 kabla ya kurudi sifuri, na utaona pengo refu.

*Mwanachama wa Kigamboni:* Natumia bodi ya Arduino Uno R3, nayo itafaa kwa saa ya ukutani?

*Jibu:* Hapana. Kwenye bodi hiyo chipu hii inaendeshwa na rezoneta ya kauri, si kristali. Hesabu yako itakuwa kamili lakini saa itapotea. Funga chipu peke yake na kristali yake.