Namna ya kukataa mchango wa kila mwezi unaoombwa kwa simu, huku ukiendelea kuchangia unachokichagua

Nimeandika mwongozo huu baada ya kukaa na shangazi yangu, anayeishi Leicester, Jumamosi nzima tukipitia taarifa zake za benki. Tulikuta makato manne ya kila mwezi yanayokwenda kwa mashirika ya hisani, na ni moja tu alilokumbuka kulichagua mwenyewe. Mengine matatu yalianza kwa simu. Hatua zinazofuata zinahusu taratibu za Uingereza.

Hatua ya 1: Andika mpango wako kabla simu haijalia

Shangazi aliamua kutoa pauni 120 kwa mwaka: 60 kwa kituo kilichomuuguza marehemu mumewe, na 60 kwa paa la madrasa ya kwao Tanga. Aliyaandika hayo kwenye daftari linalokaa kando ya simu. Mimi napendelea daftari kuliko kumbukumbu, kwa sababu anayepiga simu ana maandishi mbele yake na wewe huna.

Hatua ya 2: Kataa kwa sentensi isiyo na sababu ndani yake

Hapa ndipo shangazi alipokwama kwa miaka. Kwa adabu tuliyolelewa nayo, mtu hasemi "sitaki". Husema "nitaangalia" au "Inshallah, mwezi ujao", na Mswahili mwenzake huelewa kwamba amekataliwa kwa upole. Mchangishaji wa Kiingereza haelewi hivyo. Kwake, "nitaangalia" ni ahadi, naye huandika kwamba upigiwe tena.

Sababu nayo hugeuka kuwa mlango. Shangazi alipojibu kwamba pauni 15 ni nyingi, aliombwa 8. Aliposema mwezi huu mambo ni magumu, aliambiwa makato yataanza mwezi ujao. Na alipofikishwa kwenye pauni 3 aliona haya kukataa kiasi kidogo namna ile. Mwito unaoshuka hivyo umepangwa tangu mwanzo, basi usiupime kwa ukubwa wa kiasi. Pauni 3 kwa mwezi ni pauni 36 kwa mwaka, zaidi ya nusu ya fungu la madrasa.

Tulikubaliana sentensi hii, aisome kwa Kiingereza kutoka kwenye daftari:

```
I don't agree to monthly gifts by phone.
Please take my number off your calling list.
Thank you, goodbye.
```

Sentensi ya pili, inayoomba namba yako iondolewe kwenye orodha yao ya simu, ndiyo yenye nguvu ya kisheria, kwa kuwa shirika uliloliambia lisikupigie halina ruhusa ya kukupigia tena kuomba mchango. Kujiandikisha kwenye Telephone Preference Service, orodha ya wasiotaka kupigiwa simu za biashara na michango, ni bure na kunafaa, lakini huchukua hadi siku 28 kufanya kazi kikamilifu, na hakuzuii shirika ambalo uliwahi kuliruhusu likupigie. Baada ya kuaga, kata simu, usisubiri jibu.

Wakati wote wa mazungumzo usitaje namba za akaunti. Wengi hudhani kwamba pasipo saini hakuna mkataba, kumbe Direct Debit, yaani ruhusa ya shirika kukata fedha kwenye akaunti yako, inaweza kufunguliwa kwa kutaja tu sort code, namba inayotambulisha benki na tawi lako, pamoja na namba ya akaunti kwenye simu.

Hatua ya 3: Kama ulishakubali

Futa Direct Debit kwenye programu ya benki, kisha uliandikie shirika kwamba umejitoa na kwamba hutaki kupigiwa simu. Sisi tulifuta benki tu, na baada ya wiki chache shangazi akapigiwa aombwe kurudi, kwa sababu kufuta malipo hakufuti ruhusa ya kupiga simu. Makato yakiendelea baada ya kufuta, idai benki, si shirika: dhamana iitwayo Direct Debit Guarantee inaitaka benki ikurudishie fedha zote mara moja.

Hatua ya 4: Toa mwenyewe

Ingia kwenye tovuti ya shirika ulilolichagua kwa kuandika anwani yake mwenyewe, na uhakikishe namba yake katika daftari la Charity Commission, mamlaka inayosajili mashirika ya hisani. Nashauri utoe mara moja kwa mwaka.

Ukiulizwa kuhusu Gift Aid, mpango wa serikali wa kuongezea michango, kumbuka kwamba shirika hudai kwa serikali peni 25 kwa kila pauni unayotoa, kwa hiyo pauni 60 huwa 75. Hizo 15 hutoka katika kodi uliyolipa. Shangazi hufanya kazi siku mbili kwa wiki na mapato yake hayafiki pauni 12,570, kiwango ambacho chini yake hakuna kodi ya mapato. Angetia alama kwenye kisanduku cha kukubali Gift Aid, angeweza kudaiwa hizo 15 yeye mwenyewe. Tulikiacha wazi. Za madrasa, iliyoko nje ya Uingereza, hazikuhusika na Gift Aid hata kidogo, kwa hiyo alimtumia mhazini wa madrasa moja kwa moja na kumwomba stakabadhi.