Somo: Jinsi ya kuandika hati ya makabidhiano kabla ya kwenda likizo

Swali hili linarudi kila mara, kwa hiyo naliandikia somo. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

1. Andika tarehe ya kuondoka, ya kurudi, na jina la anayekukaimu.

2. Panga kazi kwa tarehe ya mwisho. Inayoiva kwanza ikae juu, hata kama ni ndogo.

3. Viporo. Hapa tulia. Kazi ambayo haijaanza haimsumbui mtu, na iliyokwisha imekwisha. Hatari iko kwenye kazi iliyo katikati, maana mwenzako akifungua faili haoni mliyokubaliana kwa simu. Neno "inaendelea" halimsaidii kitu. Mwambie umefikia wapi, unasubiri nini, kutoka kwa nani, na asifanye nini. Mfano:

"Ankara ya matengenezo ya mashine ya kudurufu. Malipo ni awamu mbili. Ya kwanza imelipwa tarehe 4, stakabadhi ipo kwenye faili. Ya pili inasubiri mkuu wa stoo asaini hati ya kukubali kazi. Ikija ankara mpya ya jumla yote, USILIPE kabla ya kuangalia rejista ya malipo."

Sentensi ya mwisho ndiyo kinga. Mzabuni anaweza kuleta ankara upya bila nia mbaya, ikiwa na namba na tarehe nyingine. Mfumo unaozuia namba iliyojirudia hautaikamata, na kaimu ataona deni halali mbele yake. Tafuta kwa jina la mzabuni na namba ya oda, si namba ya ankara peke yake.

4. Kwa kila mtu wa kuwasiliana naye, andika ana mamlaka ya kuamua nini. Namba ya simu tupu haitoshi.

5. Nenosiri lako usimpe mtu. Kaimu aombewe ruhusa yake mwenyewe, na ajaribu kuingia ungali ofisini.

Maswali

Kasuku: Mkuu, si nimpe tu nenosiri langu nikirudi nibadilishe?

Mwandishi: Soma namba 5. Atakachoidhinisha kitasomeka kwa jina lako.

Mama Faili: Kaka, asante. Nitajuaje kama kaimu ameelewa kweli, maana wengi huitikia tu?

Mwandishi: Swali zuri, dada. Siku mbili kabla ya kuondoka, mpe hati aisome peke yake, kisha akueleze kila kiporo kwa maneno yake. Anapokwama, ujue hati ndiyo ina pengo; ongeza sentensi hapo hapo. Na kiporo kimoja akishughulikie yeye ukiwa pembeni.

Kasuku: Kwa hiyo hati iwe kurasa ngapi?

Mwandishi: Kadiri ya viporo ulivyonavyo.

Mzee wa Rejista: Nyongeza: mwambie kaimu aandike chini ya kila kiporo alichofanya na tarehe. Ukirudi, hati hiyo hiyo ndiyo makabidhiano yako.

Mwandishi: Naam, mzee. Na jibu la baruapepe la kujiendesha litaje jina la kaimu, la sivyo barua zitakusubiri wewe.