Ofa za wikendi supamaketi: piga picha bei Alhamisi

Wana Arusha, kama supamaketi yako imetangaza punguzo la wikendi lile la kufunua ofa mpya kila asubuhi huku mzigo wa ofa ukiwa kidogo, pita Alhamisi upige picha vibandiko vya bei za vitu unavyonunua kila mwezi, mafuta, sabuni ya unga, mchele, na ujazo wa pakiti uonekane. Ofa ikitoka gawanya bei kwa lita au kilo ndo ulinganishe na picha, usiangalie ile bei iliyokatwa kwa mstari mwekundu maana hiyo wanaiandika wenyewe. Tuseme mafuta ya lita 3 yameshuka mpaka 19,500, hiyo ni 6,500 kwa lita, wakati kwenye picha yako dumu la lita 5 lilikuwa 31,000 yani 6,200 kwa lita bila ofa yoyote, sasa hapo unakimbilia nini? Kwa vitu kama tivii au blenda haisaidii sana, huwezi kujua watafunua modeli gani, hapo ulizia bei maduka ya mjini kwanza. Na kaunta angalia skrini kabla hujalipa, saa nyingine kibandiko kimebadilishwa ila mashine bado inasoma bei ya zamani.