Kaunta ya kupanda na kushuka: uliza tu biti inageuka lini

Jana jioni hapa Kondele, Kisumu, kijana mmoja wa jirani alinionyesha daftari lake: jedwali la mistari 16 la kaunta ya biti tatu, na ramani za Karnaugh kurasa mbili. Jibu lilikuwa sahihi, lakini kuna njia fupi.

Tumia flipflopu za T (au JK, J na K zikiunganishwa pamoja). Kisha jiulize: biti hii inageuka lini? Ikipanda, biti hugeuka pale biti zote zilizo chini yake ni 1. Ikishuka, hugeuka pale zote ni 0. Basi, tukiita swichi ya mwelekeo M, 1 kwa kupanda na 0 kwa kushuka, na Q0 ikiwa biti ya chini kabisa:

```
T0 = 1
T1 = M·Q0 + M'·Q0'
T2 = M·Q1·Q0 + M'·Q1'·Q0'
```

Jaribu 100 ikishuka. M ni 0, Q1 na Q0 ni 0, kwa hiyo T zote ni 1: biti zote zinageuka na unapata 011. Hapo ndipo makosa hujitokeza. Ukisahau kugeuza Q kwenye upande wa M', 100 itakwenda 101 badala ya kushuka.

Na swichi ya M usiipeleke moja kwa moja kwenye mageti. Ikibadilika karibu sana na ukingo wa kloki, T1 na T2 zinaweza kusoma mielekeo tofauti, na kaunta ikaruka namba. Ipitishe kwanza kwenye flipflopu ya D yenye kloki hiyohiyo.