Fimbo za mlimani: lini uzitoe, lini uzifunge

Mbio zangu za kwanza za milimani nilishika fimbo mkononi mwanzo hadi mwisho, na mabega yakaniuma. Kwenye tambarare fimbo hazina msaada: mikono inafanya kazi ya ziada, pumzi inapanda, mwendo ni uleule. Faida iko kwenye mwinuko mkali unaoupanda kwa kutembea, maana hapo mikono inaipokea miguu sehemu ya mzigo. Nguvu unayookoa kwa jumla si nyingi. Kinachopona ni mapaja, nawe utayahitaji kwenye kushuka.

Hatua ya 1. Isome njia kabla. Tuseme kuna kilomita 4 zinazopanda mita 1,000. Huo ni mwinuko wa asilimia 25, utatembea karibu kote, kwa hiyo fimbo zitoke. Kilomita 5 zenye mita 300 ni asilimia 6. Kama bado unaweza kukimbia, ziache mgongoni. Mimi nazitoa nikiona nitatembea zaidi ya dakika kumi mfululizo.

Hatua ya 2. Zikunjue kabla mlima haujaanza. Zile za kukunja, vuta mpaka kitufe kitokeze na usikie "tak". Kisipotokeza, itakunjika ukiiegemea.

Hatua ya 3. Pitisha mkono kwenye kitanzi kutoka chini kwenda juu, kisha shika mpini pamoja na ukanda wake. Uzito ubebwe na ukanda, vidole vilegee. Chomeka ncha usawa wa kisigino, fimbo ikiwa imelalia nyuma, usukume mpaka mkono upite nyonga. Ukichomeka mbele ya mguu umejiwekea breki, na utaijua: kila hatua fimbo inakurudisha kidogo. Palipo pakali sana, chomeka zote mbili kwa pamoja.

Hatua ya 4. Ukifika juu na njia ni ya kukimbilia, toa mikono kwenye vitanzi, zikunje, zitie kwenye podo la mgongoni. Hili lifanyie mazoezi nyumbani hadi uweze bila kuvua mkoba. Kwa kipande kifupi, zishike katikati, ncha zielekee mbele na chini, usije ukamchoma wa nyuma.

MASWALI YA WANACHAMA

Kocha, urefu napimaje?
Simama tambarare, ncha chini. Kiwiko kiwe pembe ya nyuzi 90. Kwenye mwinuko mkali shika chini kidogo ya mpini.

Naweza kumwachia msaidizi wangu, nizichukue kwenye mlima wa mwisho?
Soma kanuni za mbio zako. Kwenye UTMB, mbio za kuuzunguka mlima Mont Blanc, kwa mfano, ukichagua fimbo unaanza nazo na kumaliza nazo. Huruhusiwi kuzipokea njiani.

Na kushuka kwenye mawe nivae vitanzi?
Hapana. Ncha ikinasa kati ya mawe huku wewe unakimbia, kitanzi kitakuvuta mkono na kukuangusha. Ikinasa, iachie, urudi kuichukua.

Kaboni au alumini?
Kaboni ni nyepesi, lakini ikibanwa ubavuni hukatika ghafla. Alumini kwa kawaida hupinda kwanza, na mara nyingine unaweza kuinyoosha kwa goti ukaendelea.